Mwezi wa kwanza wa kulipia matangazo: nitenge shilingi ngapi?

Dada Mshauri, salaam.

Nina fremu ndogo ya kushona mapazia hapa Nkuhungu, Dodoma. Tuko wawili, mimi na fundi mmoja, kila mtu na cherehani yake. Wateja wananipata kwa kuelekezana na kwa stetasi yangu ya WhatsApp. Instagram ninayo, wafuasi hawafiki elfu mbili, na sijawahi kulipia tangazo hata siku moja. Kwa mwezi napata oda nane au tisa; tukijikaza tunaweza kushona 14. Kati ya watu kumi wanaoniuliza bei, watatu hununua.

Kuna kijana ameniambia nimpe laki tano kila mwezi anisponsie posti zangu. Kaka yangu anasema biashara yoyote hutenga asilimia 10 ya mauzo kwa matangazo. Shoga yangu anayeuza madera anasema niweke 2,000 tu kwa siku, nione. Mwezi uliopita, baada ya kodi ya fremu, umeme na ada ya mtoto, nilibakiwa na kama laki nne. Naogopa kuichezea. Nianze na shilingi ngapi, na nitajuaje kama hela imefanya kazi?

Mshona Mapazia, Dodoma

*

Dada yangu, salaam, na asante kwa kunitumia picha za daftari lako nilipokuomba oda kumi za mwisho. Nimezisoma moja moja, na jibu lako limo humo.

Oda zako kumi zina wastani wa shilingi 240,000. Kwa oda ya namna hiyo, kitambaa na shea vinakula 118,000. Uzi, pete na utepe wa juu 14,000. Fundi unamlipa 30,000. Bodaboda na kwenda kufunga 12,000. Jumla ni 174,000, unabaki na 66,000. Kodi ya fremu na Luku sijaviingiza hapo kwa makusudi, kwa sababu utavilipa mteja mpya aje au asije. Tunachotafuta ni hela mpya inayoingia mfukoni oda moja ikiongezeka, na hiyo ni 66,000.

Namba hii ndiyo mama wa bajeti yako. Ukilipa zaidi ya 66,000 kumpata mteja mmoja, umemshonea bure na kuongeza juu. Ukilipa 66,000 kamili, umetoka sare. Mimi kwa mwezi wa kwanza napenda mtu asitoe zaidi ya theluthi moja ya faida ya oda, ambayo kwako ni 22,000 kwa mteja mmoja aliyelipa. Theluthi si sheria iliyoandikwa popote. Nimeizoea kwa sababu inakuachia nafasi ya kukosea mara mbili na bado usile mtaji.

Sasa, mtandao haukuuzii wateja. Unachonunua kule ni mtu anayekuandikia. Kwa hiyo lazima tujue ni wangapi wanaokuandikia ndipo mmoja alipe. Wewe umeniambia watatu kati ya kumi, na nakuamini, lakini hao wameletwa na jirani au wifi aliyeona mapazia yako yakining'inia sebuleni. Wamekuja wakiwa wameshakuamini nusu. Mtu wa tangazo hakujui, hajui fremu yako iko wapi, na pengine ameandikia mafundi wengine wawili dakika hiyo hiyo. Kwa hao usihesabu watatu. Hesabu mmoja kati ya kumi, na kama watakuwa wawili, shukuru. Gawanya basi 22,000 kwa watu kumi, unapata 2,200. Hiyo ndiyo bei ya juu unayotaka kulipa kwa kila mtu anayeanza mazungumzo na wewe kwa ajili ya tangazo. Ukomo wa hasara uko 6,600, yaani 66,000 gawanya kwa kumi. Andika namba hizo mbili kwenye jalada la ndani la daftari: 2,200 na 6,600.

Swali linalofuata ni watu wangapi tuwanunue mwezi wa kwanza, na hapa ndipo ushauri wa shoga yako unapokwama. Mwezi wa kwanza unanunua jibu kuliko unavyonunua mauzo, na jibu linahitaji watu wa kutosha. Kama kweli mmoja kati ya kumi hununua, ukipata watu kumi tu, uwezekano wa kukosa hata mteja mmoja kwa bahati mbaya ni karibu asilimia 35. Ungeacha ukisema matangazo hayafai, kumbe hukungoja kete ziangushwe vya kutosha. Ukipata watu 40, uwezekano wa kukosa kabisa unashuka chini ya asilimia 2. Usipouza kitu kwa watu 40, basi kweli kuna tatizo, na unaweza kulitafuta bila kujiuliza kama ni bahati. Shilingi 2,000 kwa siku, hata ikitembea mwezi mzima, ni 60,000. Kwa bei ya 2,200 hiyo haifikishi watu 28, tena wamesambaa siku 30, mmoja leo na mwingine kesho, hadi unasahau nani alitoka wapi.

Kwa hiyo chukua watu 40 kwa 2,200, unapata 88,000. Juu yake kuna VAT. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali Tanzania zinatakiwa kutoza VAT ya asilimia 18, kwa hiyo iweke kwenye hesabu tangu mwanzo: 15,840. Jumla ni 103,840. Na kama akaunti yako ya matangazo inahesabu kwa dola, kadi itakukata kwa kiwango chake cha kubadilishia, ambacho huwa juu kidogo ya kile unachokiona kwenye habari. Weka 110,000 kwenye kadi, basi. Hiyo ndiyo bajeti yako ya mwezi wa kwanza.

Ipime na hofu yako. Oda mbili tu zinakuletea 132,000, kwa hiyo ukiuza mbili umerudisha hela na chenji. Na ukikosa kabisa, umepoteza laki moja na kumi kati ya zile laki nne. Itauma, lakini ada ya mtoto umeshalipa na kitambaa cha oda zilizopo kimeshanunuliwa. Usiitoe kwenye hela ya kitambaa. Nimeona mafundi wazuri wakichukua malipo ya awali ya mteja wakalipia tangazo, kisha mteja mpya akaja na hakuna hela ya kwenda kuchukua mzigo.

Laki tano ya yule kijana tuiangalie kwa daftari hilo hilo. Toa VAT, zinabaki kama 423,000, na kwa 2,200 hiyo ni watu zaidi ya 190. Mmoja kati ya kumi akinunua, ni oda 19. Wewe una nafasi ya oda tano tu kabla hujafika 14. Zilizobaki 14 ungezishona lini? Ungewaambia watu wasubiri wiki sita, nao wangeandika kwenye komenti kwamba unachukua hela na kazi haionekani. Na hapo nimechukulia kwamba laki tano yote inaingia kwenye tangazo. Muulize ni kiasi gani kinaenda mtandaoni na kiasi gani ni ujira wake, kisha uone kama atakuandikia namba mbili tofauti. Ukija kumtumia siku moja, ukurasa, akaunti ya matangazo na kadi vibaki vyako, yeye umpe ruhusa ya kutangaza tu bila kumpa nywila.

Kaka yako naye hajakosea kabisa, ila amechukua kipimo cha watu waliokwisha kujua namba zao. Asilimia 10 ya mauzo kwako ni 24,000 kwa kila oda. Kwa anayeuza kwa faida nene hiyo ni kidogo. Kwako ni asilimia 36 ya faida, tena inahesabiwa hata kwenye zile oda nane zinazokuja zenyewe bila tangazo. Mpe salamu, mwambie utarudi kwenye asilimia utakapokuwa na miezi mitatu ya kumbukumbu.

Hizo 88,000 usizigawe kwa siku 30. Zigawe kwenye awamu mbili za siku nane, kila siku 5,500, yaani 44,000 kwa awamu. Ya kwanza ianze tarehe 8 hadi 15. Kisha simama siku nne usome daftari na kwenda kupima madirisha ya waliokubali. Ya pili tarehe 20 hadi 27, wakati mishahara inaingia. Dodoma ni mji wa watumishi, na wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu huuliza bei katikati ya mwezi na kulipa mwishoni. Usishtuke siku moja ukiona imetumika zaidi ya 5,500 na nyingine pungufu. Mfumo unaruhusiwa kupanda siku yenye watu, lakini kwa wiki hauzidi mara saba ya kiwango chako cha siku.

Kuna sababu nyingine ya kuzikusanya hela. Mfumo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, hujifunza ni watu wa aina gani wanaokuandikia. Wao wenyewe husema mafunzo hayo hukamilika tangazo likipata kama matokeo 50 ndani ya wiki moja. Kwa 44,000 hutafika huko, na pengine utaona maneno `Learning limited`. Usiogope, tangazo bado linafanya kazi. Ila ukivunja hizo hela kidogo ulizonazo kwenye matangazo matano, kila moja linabaki halijajifunza kitu. Tangazo moja, kundi moja la watu, picha mbili kwa wingi. Na likishaanza, mikono mbali. Kila ukibadili eneo, picha au kiwango cha hela kwa kiasi kikubwa, linaanza kujifunza upya. Watu wengi wa mwezi wa kwanza huua tangazo lao siku ya pili kwa kulishikashika.

Sasa namna ya kuliweka. Ukibonyeza `Boost post` kwenye simu, utaulizwa lengo lako. Hapa ndipo hela nyingi za maduka madogo zinapopotelea, kwa sababu mfumo hukupa kile ulichoomba, si kile ulichokihitaji. Ukiomba watu watembelee ukurasa wako, utapata wanaopenda kutembelea kurasa. Ukiomba laiki, utapata watu wa laiki. Tangazo langu la kwanza kabisa, nilipokuwa nauza viatu vya watoto Morogoro, lilipata laiki mia nne na sikuuza hata jozi moja. Nilikuwa nimechagua lengo la kuongeza laiki na nchi nzima, kwa hiyo waliolipenda walikuwa Mbeya na Mwanza. Wewe chagua ujumbe, na ujumbe uende WhatsApp. Kama unaweza kuazima kompyuta, ingia Ads Manager, ukurasa wa Meta wa kupangia matangazo, chagua lengo la `Engagement`, halafu WhatsApp kama mahali pa mazungumzo. Na kama simu yako ni iPhone, usilipie ndani ya programu ya Instagram au Facebook, maana tangu 2024 Apple hudai asilimia 30 juu ya matangazo yanayolipiwa humo. Fungua tovuti zao kwenye kivinjari na ulipie hapo.

Eneo liwe Dodoma mjini tu. Weka pini kwenye ramani na uvute duara mpaka liguse Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Ihumwa, kule ambako watu wanahamia nyumba mpya na madirisha yamefunikwa kwa khanga. Umri anzia 25. Zaidi ya hapo usibane, usianze kuchagua wanaopenda mapambo ya nyumba na wanaopenda hiki na kile. Mji wetu si mkubwa kiasi hicho. Ukibana sana unabaki na watu wachache na bei ya kila mmoja inapanda.

Picha na maneno yana uzito kuliko vyote nilivyosema kuhusu mipangilio. Tumia picha ya dirisha la kweli ulilolifunga wewe, kabla na baada, mchana, bila maua ya kubandika. Na andika bei. Najua desturi yetu ni "bei njoo inboksi", na najua mnaogopa washindani. Lakini fikiria: kila anayekuja inboksi kwa ajili ya tangazo umemlipia hadi 2,200. Asiye na uwezo wa bei yako atauliza "bei gani?", utamjibu, atanyamaza. Umelipa 2,200 kwa ajili ya ukimya. Ukiandika kwenye picha, "Dirisha la futi 6 kwa 5, pazia zito na shea, pamoja na kukufungia, kuanzia shilingi" kadhaa, wale wasioiweza watapita bila kukugharimu mazungumzo. Utaona wanaokuandikia wamepungua na kila mmoja amepanda bei kidogo. Usihuzunike. Waliobaki wameshaiona bei na bado wameandika, na hao ndio wanaotuma vipimo.

Kuhusu kadi, huhitaji ya benki. Kadi pepe ya Visa au Mastercard inayotolewa ndani ya huduma za pesa za simu inatosha, na ina faida kwamba unaweka humo 110,000 na si zaidi. Kabla ya kuanza, nenda sehemu ya malipo ya akaunti ya matangazo, tafuta `Account spending limit`, weka kikomo kinacholingana na 88,000. Tangazo likifika hapo linasimama lenyewe hata kama umelala. Jambo moja linalowakwaza wengi: makato hayaji kila siku. Yanakuja deni likifika kiwango fulani au tarehe ya malipo ikifika, mara nyingine siku kadhaa baada ya tangazo kuisha. Usiitumie hela iliyobaki kwenye kadi kununua uzi ukidhani umeshamaliza. Makato yakigonga kadi tupu, matangazo yanazuiwa hadi ulipe.

Siku ya kwanza tangazo likiwa hewani, kazi yako ya kweli inaanzia kwenye simu. Tumia WhatsApp Business, ni bure, na uweke lebo inayoitwa "Tangazo". Kila anayeingia kupitia tangazo mpe lebo hiyo hapo hapo. Unaweza pia kupanga ujumbe ambao mteja atautuma akibonyeza, kwa mfano "Habari, nimeona tangazo la dirisha la futi 6 kwa 5", ili ukiuona ujue ametokea wapi. Kisha kwenye daftari chora mistari: tarehe, anakaa wapi, madirisha mangapi, ametuma vipimo au la, amelipa malipo ya awali lini. Ukurasa wa matangazo utakuonyesha namba ya mazungumzo yaliyoanzishwa, na ni namba ya kweli, lakini mfumo haujui nani alikulipa mkononi pale Nkuhungu. Hilo linajulikana na daftari tu.

Jibu haraka. Mtu aliyeandika saa mbili usiku akajibiwa kesho saa nne asubuhi ameshapimiwa dirisha na mwingine. Kama jioni unapika na kuogesha mtoto, panga ujumbe wa kujiendesha unaomwomba atume upana na urefu wa dirisha na picha yake. Swali hilo peke yake linachuja watu vizuri: anayeamka kitandani kwenda kupima dirisha kwa futi kamba ana nia.

Tuseme sasa awamu ya kwanza imeisha, na daftari linasema hivi. Mazungumzo 26 kwa 44,000, yaani karibu 1,700 kila moja, chini ya ukomo wako. Kati yao, 10 walisema "Habari" wakapotea. Saba waliuliza wakasema watarudi. Tisa walituma vipimo, na wawili wakalipa malipo ya awali. Ukiweka VAT umetumia 51,920, kwa hiyo kila mteja amekugharimu 25,960. Imepita 22,000 uliyoilenga, na mtu mwenye haraka angesema imeshindikana. Haijashindikana. Kila oda bado inakuachia zaidi ya 40,000, na kuna saba waliopima na hawajalipa, wakati mishahara bado. Hao wapigie simu tarehe 24, kwa majina yao, ukiwatajia dirisha lao. Mteja wa mapazia huchukua wiki mbili au tatu, kwa hiyo usifunge hesabu ya mwezi huu kabla siku 30 hazijapita tangu mtu wa mwisho alipoandika.

Namba zikija tofauti na hizo, ziangalie zimeharibika wapi. Ikiwa siku ya nne kila mazungumzo yanakugharimu zaidi ya 4,000, tatizo liko kabla mtu hajakuandikia: picha haisimamishi kidole, au eneo umelibana mno. Ngoja awamu iishe, kisha badili picha tu, ya pili ianze na nyingine, ukiacha yote mengine vile vile ili ujue kilichosaidia. Ikiwa wanaandika wengi kwa bei nafuu na hakuna anayetuma vipimo, tangazo limefanya kazi yake na tatizo liko kwenye bei isiyoandikwa au kwenye majibu yako. Soma mazungumzo kumi mfululizo uone mtu ananyamaza baada ya sentensi ipi. Na ukifika watu 30 bila hata mmoja kutuma vipimo, zima. Usiingie awamu ya pili kwa matumaini. Hizo 44,000 zilizobaki zikae kwenye kadi mpaka ujue ni kitu gani unabadili.

Mwezi wa pili hesabu inaanzia kwenye kile ulichokiona, si kwenye makadirio yangu. Kama ni wawili kati ya kumi walionunua, ukomo wako kwa kila mazungumzo unapanda hadi 4,400. Kama ni mmoja kati ya 15, unashuka karibu na 1,460. Mteja akikugharimu chini ya 22,000 na bado una nafasi ya kushona, panda kutoka 5,500 hadi 6,600 kwa siku, usiruke mara mbili kwa mpigo. Ila angalia kwanza oda ngapi ziko kwenye foleni. Zikifika 12, lisimamishe tangazo hata kama linaleta watu kwa bei ya kutupa, na liwashe tena pale wewe na fundi wako mtakapokuwa mmemaliza madirisha mliyokwisha kupokea hela yake.